Klasi ya kwanza katika Elden Ring: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Mpwa wangu wa Chake Chake alinipigia simu usiku, baada ya saa ya isha, akasema, "Ami, nimeharibu. Nafuta nianze upya." Alikuwa amefika levo ya 45 katika Elden Ring, gemu yake ya kwanza ya aina hii. Alichagua klasi ya Astrologer, yule mchawi, kwa kuwa alipenda vazi lake, na sasa roho yake ilikuwa inataka upanga mkubwa wa kushika kwa mikono miwili. Nilimwomba asifute kitu mpaka nivuke kwenda Pemba mwisho wa wiki. Majuto yake yalitokana na dhana ambazo nimezisikia pia kwa vijana wengi katika vyumba vya gemu hapa Unguja, na ni vyema zikaelezwa kwa utulivu.

Dhana: Klasi ni kama maji yaliyomwagika, ukishaichagua, huna tena namna ya kuwa mwengine.

Katika gemu hii, klasi ni mahali pa kuanzia tu. Zipo kumi, na kila moja hukupa vitu vitatu: silaha na mavazi ya mwanzo, levo ya kuanzia, na mgao wa pointi katika sifa nane, zikiwemo Vigor inayoongeza uhai, Strength ya nguvu za mwili na Intelligence ya uchawi. Baada ya hapo hakuna mlango unaofungwa. Astrologer anaweza kubeba shoka, na Vagabond anaweza kujifunza uchawi, mradi atimize pointi ambazo silaha au uchawi huo unazidai. Usipozitimiza, alama ya X hutokea juu ya picha ya silaha, na pigo lake huwa dhaifu mno.

Hata hivyo klasi huacha alama, na alama hiyo inahesabika. Kila levo unayopanda hukupa pointi moja ya kuongeza, lakini pointi ulizoanza nazo haziwezi kushuka, kwa hiyo hasara yako ni zile ambazo hutazitumia kamwe. Chukua mpiganaji wa upanga ambaye mwishowe anataka Vigor 40, Mind 15, Endurance 20, Strength 40 na Dexterity 13, bila kujali sifa nyengine. Akianza na Vagabond atafikia hapo akiwa levo ya 74. Akianza na Astrologer, aliyezaliwa na Intelligence 16, atafikia hapo hapo akiwa levo ya 81. Tofauti ni levo saba. Kwa kuwa wengi humaliza gemu wakiwa juu ya levo ya 100, kosa la klasi ambalo watu hulilia usiku kucha kwa kawaida ni la kiasi kama hicho tu.

Dhana: Wretch ndiye bora kwa mwanzo, kwa sababu hajaegemea upande wowote.

Wretch huanza levo ya 1, sifa zote zikiwa 10, na mkononi ana rungu tu. Levo hiyo ndogo huwadanganya wengi, wakaona kwamba wamepewa uhuru zaidi kuliko wenzao. Lakini kumi katika kila sifa maana yake ni kumi pia katika Faith na Arcane ambazo mpiganaji wetu hazihitaji, ilhali Vagabond ana 9 na 7 tu hapo. Kwa mpango ule ule, Wretch hufika akiwa levo ya 79, yaani tano nyuma ya Vagabond, na njiani atakuwa ameteseka bila ngao wala vazi. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kuchagua klasi kwa silaha iliyo nayo: Vagabond kwa anayetaka ngao na upanga, Samurai kwa anayependa upanga wa Uchigatana na upinde, Astrologer kwa mwenye nia ya uchawi kweli kweli. Mavazi yasiwe sababu, kwani mavazi mengine yatapatikana njiani.

Dhana: Gawa pointi kidogo kidogo kila mahali ili uwe tayari kwa lolote.

Hapa ndipo penye madhara halisi, na hapa ndipo mpwa wangu alipoteleza. Nilipokaa naye na tukafungua ukurasa wa sifa, nilikuta pointi 39 alizoziongeza tangu mwanzo zimesambaa katika sifa zote nane. Vigor ilikuwa 14, Mind 19, Endurance 15, Strength 18, Dexterity 16, Intelligence 21, Faith 10, Arcane 11. Uchawi wake haukuwa na makali, upanga alioutamani hakuweza kuubeba, na mabosi walimwangusha kwa mapigo mawili. Yeye aliamini kwamba klasi ndiyo iliyomponza.

Kinachomponza mgeni mara nyingi ni Vigor iliyoachwa chini. Ikiwa 14, uhai ni takriban 500. Ikiwa 30, unakaribia 1,000. Na ikiwa 40, ni kama 1,450. Baada ya 40 kila pointi huleta kidogo kuliko iliyotangulia, na baada ya 60 karibu haileti kitu. Makali ya mwanzo hayatoki sana kwenye sifa, bali kwenye silaha yenyewe, inapoongezwa nguvu kwa mawe ya Smithing Stone. Kwa hiyo pointi za mwanzo zinatosha kutimiza madai ya silaha moja, na zinazobaki ziende Vigor.

Dhana: Dawa ya kosa ni kufuta na kuanza upya.

Ndani ya Academy of Raya Lucaria yupo bosi aitwaye Rennala. Ukishamshinda, hubaki pale pale na huweza kukuzaa upya: pointi zote ulizoongeza hurudi mkononi mwako, ukazigawa tena utakavyo, bila kupoteza levo hata moja. Kila mara hudai Larval Tear moja, kitu kinachopatikana njiani, na hizo zina idadi maalumu katika mzunguko mmoja wa gemu, kwa hiyo si jambo la kufanya kila jioni. Klasi yenyewe haibadiliki, na hakuna sifa inayoshuka chini ya pale ilipoanzia. Ama sura ya mhusika, hiyo hubadilishwa kwa kioo kilichoko Roundtable Hold, bila gharama.

Mpwa wangu alikuwa ameshamshinda Rennala wiki mbili nyuma na akapita zake bila kuzungumza naye tena. Alikuwa na Larval Tear mbili mfukoni, hajui kazi yake. Upanga alioutaka, Greatsword wa kule Caelid, unadai Strength 31 na Dexterity 12. Lakini ukishikwa kwa mikono miwili, gemu huihesabu Strength yako mara moja na nusu, kwa hiyo 21 inatosha. Astrologer tayari ana Dexterity 12. Tukaweka pointi 13 kwenye Strength hadi ikafika 21, tano kwenye Endurance ili aubebe uzito wake, na 21 zilizobaki zote kwenye Vigor, ikapanda kutoka 9 hadi 30. Jumla 39, haikubaki hata moja.

"Ami, ni mhusika yule yule?" aliniuliza, akautazama ule uhai mrefu juu ya skrini.

Ni yule yule, levo ya 45, akiwa bado na ile Intelligence 16 isiyo na kazi. Kitu ambacho Rennala hakuweza kumrudishia ni Smithing Stone 24 alizozitia kwenye fimbo yake ya uchawi hadi +6, kwani mawe yakishaingia kwenye silaha hayatoki. Tukaanza kutafuta mengine kwenye migodi ya Limgrave, mpaka tukaitwa kula.