Je, wajua? Hodi ya mistari sita

“Nimemwandikia mkubwa mmoja wa biashara nisiyoijua. Barua ya heshima, kurasa mbili, na wasifu wangu nimeambatisha. Nikamwambia nipo tayari kuzungumza naye muda wowote atakaopenda. Mwezi wa pili huu, kimya. Mwenzangu kaandika mistari sita kwa mtu wa ngazi hiyo hiyo, kapewa dakika 20. Kwa nini?”

Kwa sababu anayepokea ujumbe wa mtu asiyemjua hatafuti kwanza heshima iliyomo. Anatafuta mambo mawili: huyu ni nani, na nikisema ndiyo nitakuwa nimekubali nini? Mistari ya mwenzako ilimjibu yote mawili. Barua yako, kwa namna unavyoieleza, ilimwacha akisie.

Nalijua hili kwa sababu nami niliandika barua kama yako. Wakati huo nilikuwa mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi Mafinga. Malori ya chai kutoka Mufindi yalikuwa yakipita mbele ya duka, na nilijua kwamba chai nyingi ya Tanzania imekuwa ikipelekwa kuuzwa kwenye mnada wa Mombasa. Sikujua bei yake inapatikanaje. Nikapata anwani ya mama mmoja, dalali mwandamizi wa chai kule, nikamwandikia. Nilianza na salamu ndefu, nikaeleza shule nilizosoma, nikasifu kampuni yake, nikasema ningependa “kujifunza mengi kutoka kwako kuhusu sekta ya chai”, nikaambatisha wasifu, nikamalizia kwamba niko huru siku yoyote, saa yoyote.

Baada ya wiki tatu ofisi yake ikanijibu: kwa sasa hatuna nafasi za kazi.

Nilikasirika. Mimi sikuomba kazi, na niliamini hawakuisoma barua. Ilinichukua muda kukubali kwamba waliisoma vizuri. Jibu lile lilikuwa kipimo sahihi kabisa cha nilichokiandika, kwa kuwa kila kitu nilichokiweka kama adabu kilifika upande wa pili kikiwa na maana nyingine.

Wasifu niliuweka ili nisionekane nina la kuficha. Lakini karatasi hiyo ina kazi moja duniani, nayo ni kuombea ajira, kwa hiyo ilipofunguliwa ilizungumza kwa sauti kubwa kuliko barua yenyewe. Urefu niliuona kuwa heshima. Msomaji aliuona kuwa ni dakika tano za kusoma kabla hajajua anaombwa nini. “Kujifunza mengi” nililiona kuwa unyenyekevu, kumbe ni ombi lisilo na mwisho, maana hakuna mtu awezaye kujua mazungumzo ya “mengi” yataishia saa ngapi. Na hilo la “muda wowote”, ambalo nilijivunia kuliko yote, lilimkabidhi yeye kazi ya kufungua kalenda, kutafuta nafasi, kupendekeza na kungoja nikubali. Nilidhani nampa uhuru, kumbe nampa shughuli.

Kosa hili ni la kawaida na chanzo chake kinaeleweka kwa hodi. Mtu anabisha mlango usiku. Aliye ndani anauliza, “Nani?” Wa nje anajibu, “Mimi.” Kwa wa nje jibu hilo limekamilika, maana yeye anajijua ni nani na anajua hana ubaya. Anajua pia amekuja kurudisha jembe tu. Wa ndani hajui lolote kati ya hayo. Anachosikia ni sauti, na sauti hiyo inaweza kuwa ya jirani, ya mdai, au ya mtu anayetaka mchango wa harusi. Akikaa kimya hafanyi ukatili. Hana cha kuamulia. Sasa fikiria wa nje, kwa kuona mlango haufunguki, anaongeza salamu: za jioni, za watoto, za kazi, za mvua. Salamu zote nzuri, lakini hata moja haisemi yeye ni nani wala haitaji jembe. Barua yangu ilikuwa hivyo. Ilikuwa “mimi” ya kurasa mbili.

Angesema, “Ni mimi wa nyumba ya mtende, kaka yako ndiye aliyenielekeza, narudisha jembe, siingii ndani,” mlango ungefunguka kwa sentensi moja. Ndani yake mna jina linaloweza kuthibitishwa, mtu wa katikati, shida yenyewe, na mpaka wa ziara. Hilo la mwisho watu hulisahau, nalo ndilo linalomtoa wasiwasi aliye ndani.

Wanasaikolojia wamelipima jambo linalokaribiana na hili. Francis Flynn na Vanessa Bohns, mwaka 2008, walionyesha kwamba watu wanaoomba msaada mdogo kwa wageni ana kwa ana hukubaliwa mara nyingi kuliko wanavyotarajia. Habari hiyo hunukuliwa sana ili kuwatia watu moyo waombe. Ila mwaka 2017 Mahdi Roghanizad na Bohns huyo huyo walilinganisha ombi la ana kwa ana na ombi lile lile likitumwa kwa barua pepe. Waombaji wa pande zote mbili walitarajia kwamba karibu nusu ya watu wangekubali. Ana kwa ana walikubaliwa zaidi ya walivyotarajia. Kwa barua pepe walikataliwa karibu wote. Ombi la uso kwa uso lilifanikiwa mara 34 zaidi. Maelezo ya watafiti ndiyo hodi yetu: mwombaji anajua nia yake ni njema, hivyo hatambui kwamba anayesoma hana namna ya kuiona. Lakini tusiyabebeshe matokeo hayo zaidi ya uwezo wake. Walioombwa walitakiwa kujaza dodoso, hawakuwa wakuu wa biashara, na hakuna aliyetajiwa mtu wanayefahamiana. Yanachoonyesha ni kwamba kwenye maandishi nia njema haijionyeshi yenyewe. Hayasemi wewe utajibiwa mara ngapi.

Mwaka uliofuata nilimwandikia tena mama yule yule. Ujumbe wenyewe ulikuwa huu, ila majina nimeyaondoa:

“Shikamoo Mama. Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Mafinga, na anwani yako nimepewa na meneja wa kiwanda cha chai fulani, ambaye ameniruhusu nimtaje. Najaribu kuelewa jambo moja: kwa nini mafungu mawili ya chai ya daraja la PF1 kutoka kiwanda kimoja hupata bei tofauti kwenye mnada mmoja? Naomba dakika 20 za simu, Alhamisi tarehe 14 au Ijumaa tarehe 15, saa 9 alasiri, na nitapiga mimi. Sitafuti kazi, siuzi kitu, na habari za wateja wako sitaziuliza. Kama haiwezekani, neno ‘hapana’ linanitosha.”

Alijibu siku hiyo hiyo kwa neno moja: Alhamisi.

Yule meneja nilimpata kwa sababu alikuwa akinunua misumari dukani kwetu. Nilimwomba ruhusa kabla ya kumtaja, na hilo si la kuruka, maana mama angeweza kumpigia kuuliza, naye akishangaa mlango unafungwa kwa wote wawili. Siku nilizichagua kwa sababu mnada wa Mombasa hufanyika Jumatatu na Jumanne. Dalali anayeombwa mazungumzo siku hizo anaona mara moja kwamba mwombaji hakujisumbua kujua wiki yake inakwendaje. Kila biashara ina siku zake za moto, na kuzijua kunahitaji swali moja tu kwa mtu wa chini anayefanya kazi humo.

Swali lenyewe ndilo lililonigharimu muda mrefu zaidi. Nililiandika mara nyingi. “Bei ya chai inapangwaje?” lingehitaji mhadhara, na nusu ya jibu ningeisoma mwenyewe. Nilitaka swali ambalo mtu wa nje anaweza kuliona lakini mtu wa ndani tu ndiye anayeweza kulifungua. PF1 ni daraja la chai ambalo kila mtu kiwandani hulitaja. Kwa mhasibu, bidhaa yenye jina moja, kutoka chanzo kimoja, ikiwa na bei mbili ni jambo linalokataa kutulia kwenye daftari. Nilikuwa nimeshangaa kweli, na mshangao wa kweli huonekana hata kwenye maandishi.

Alhamisi alianza kujibu kabla sijamaliza kujitambulisha. PF1, alisema, inakuambia ukubwa wa chembe. Haikuambii ladha. Chai ikishakatwa, ikachachuliwa na kukaushwa, hupitishwa kwenye chekecheke, na herufi zile ni jina la tundu ilikopita. Bei huanzia kwenye kikombe: rangi ya maji, mng’ao wake, na ukali unaoamsha ulimi. Kila fungu huonjwa peke yake, kwa vipimo vile vile vya majani, maji na muda, kabla ya siku ya mnada, kisha dalali hulikadiria thamani. Fungu lililotokana na majani yaliyosongamana ndani ya magunia yakapata joto njiani litatoa maji mazito yasiyo na uhai, ingawa chembe zake zinafanana kabisa na za jirani yake.

Nilipoona dakika ya 18 nikasema, Mama, muda niliouomba unakwisha. Akasema endelea. Hapo tukafika dakika 35, lakini hizo 15 za ziada alizitoa yeye. Ningezichukua mwenyewe, simu ya pili nisingeipata.

Njia hii haifungui kila mlango. Nimewahi kuandika mistari sita hiyo hiyo kwa watu wengine wakanyamaza, na baada ya siku kumi nikakumbusha mara moja, kwa mistari miwili, kisha nikaacha. Aina ya jibu ndiyo inayofundisha. Ukimya peke yake hausemi mengi. Huenda yuko safarini. Ukiambiwa hakuna nafasi za kazi, ujue alisikia ombi la kazi, rudi utafute neno lililompeleka huko. Ukiambiwa “tuma maswali yako kwa maandishi”, mara nyingi swali lilikuwa pana. Ukielekezwa kwa msaidizi, pokea kwa furaha, kwani msaidizi wa dalali ndiye anayeshinda kwenye chumba cha kuonjea chai.

Na kama kweli unatafuta kazi, usiandike kwamba hutafuti. Andika kwamba unafikiria kuingia kwenye biashara hiyo, na kwamba kwake unaomba maelezo ya jambo hilo moja tu. Uongo mdogo hapo hugundulika dakika ya tano, unapouliza mshahara.

Kabla hajakata simu, mama aliniambia nikipita kiwandani niombe kuingiza mkono katikati ya gunia la majani mabichi lililotoka kushushwa. Nilikwenda Jumamosi. Gunia la kwanza lilikuwa baridi. La tatu lilikuwa na joto kama la mkate uliotoka kuiva, na majani ya katikati yalikwisha kuanza kuwa mekundu.