Kadi zimepangwa sawa, lakini je, hadithi imeeleweka?

Dhana: Mtoto akizipanga kadi za picha za hadithi kwa mfuatano sahihi, ameielewa hadithi.

Dhana hii huwapotosha walimu na wazazi wengi, kwa sababu meza yenye kadi zilizonyooka inaridhisha macho. Chukua kadi tano. Ya kwanza, msichana anatoka chumbani. Nyuma yake daftari liko mezani na dirisha li wazi. Ya pili, mvua inaingia dirishani. Ya tatu, amerudi na kulishika daftari linalochuruzika maji. Ya nne, daftari limeanikwa juani. Ya tano, anaandika kwenye kurasa zilizojikunja, na sasa dirisha limefungwa.

Mtoto wa miaka saba anaweza kuzipanga vizuri bila kufikiria hadithi hata kidogo. Anaona daftari kavu, kisha lililolowa, kisha la kuanikwa, basi anafuata alama za picha. Mwambie asimulie, utasikia: "Akatoka, halafu mvua ikanyesha, halafu akarudi, halafu akaanika." Kiambishi -ka- cha Kiswahili ni kitamu katika simulizi, ila kinaunganisha matukio bila kumdai msimulizi aeleze sababu. Mtoto aliyesimulia hivyo ametaja yaliyotokea. Bado hujajua kama anafahamu kwa nini yalitokea.

Kuna njia rahisi ya kupima. Geuza kadi ya kwanza kifudifudi, kisha uulize: "Tukiiondoa hii, ni kitu gani katika hadithi hakitaeleweka tena?" Aliyeelewa atasema hatujui ni nani aliyeliacha dirisha wazi, au atashangaa kwa nini mwishoni dirisha limefungwa. Asiyeelewa atasema tu kwamba zimebaki nne. Kwa huyo wa pili usiongeze kadi. Rudia zilezile, na kati ya kila kadi mbili mwachie nafasi ya kusema neno la kuunganisha: kwa sababu, kwa hiyo, ili, lakini. Kati ya kadi ya tatu na ya nne "ili" inafaa: alilianika *ili* likauke. Kati ya ya kwanza na ya pili neno "kwa hiyo" halikai, maana dirisha wazi halileti mvua. Mtoto akilikataa neno hilo mwenyewe, hapo umeona ufahamu.

Dhana: Kadi nyingi zaidi ndizo zinazomjenga zaidi.

Ugumu hautokani na idadi, bali na pengo lililo kati ya kadi. Kadi nane zinazoonyesha kila hatua hazimwachii mtoto cha kukisia. Kadi nne ambazo kitendo kimoja muhimu hakikuchorwa humlazimisha akijaze mwenyewe, na hilo ndilo afanyalo msomaji anapokutana na jambo ambalo mwandishi hakulitaja.

Dhana: Ustadi wa picha utahamia kwenye maandishi wenyewe.

Hauhami hivihivi. Picha hazihitaji kusomwa herufi. Watafiti wa usomaji Philip Gough na William Tunmer walieleza mwaka 1986 kwamba ufahamu wa kusoma ni zao la vitu viwili vinavyozidishana: kutambua maneno yaliyoandikwa, na kuielewa lugha yenyewe. Kimoja kikiwa sifuri, zao ni sifuri. Kadi zinahudumia upande wa pili tu. Mtoto anayekwama kwenye silabi anahitaji mazoezi ya silabi, na si haki kumtarajia apone kwa mchezo huu.

Kwa anayeweza kusoma sentensi, daraja lijengwe waziwazi. Mpe kadi zilizochanganywa pamoja na maandishi haya, asome mwenyewe kisha apange:

"Msichana aliporudi alikuta daftari limelowa, kwa sababu kabla ya kutoka alikuwa amesahau kufunga dirisha. Mvua ilikuwa imenyesha. Alilianika juani, na lilipokauka akaandika tena."

Angalia mtego uliomo. Kurudi kumetajwa mwanzo, ilhali kutoka, kulikotokea kabla yake, kumetajwa baadaye. Watoto wengi huweka kadi ya kurudi mbele ya zote, kwa kufuata mpangilio wa maneno. Usimsahihishe kwa kuihamisha kadi. Mrudishe kwenye "alikuwa amesahau" na "kabla ya", aweke kidole hapo, aulizwe: "Alisahau lini, alipokuwa amesharudi au kabla hajatoka?" Akishaisogeza kadi mwenyewe, mwambie akuonyeshe neno lililomfanya aisogeze.

Dhana: Jibu sahihi ni moja.

Mara nyingi ndivyo, lakini si daima. Mtoto akiiweka kadi ya mvua mwanzo kabisa, akaeleza kwamba ilikuwa inanyesha hata kabla msichana hajatoka, tazameni pamoja kadi ya kwanza. Ikiwa nje ya dirisha kuna jua, picha inampinga. Ikiwa mchoraji hakuonyesha hali ya hewa, mpango wake unasimama, na mwalimu aukubali.