Nusu asilimia ya hewa ndani ya kondensa

Fundi wa zamu aliwahi kunibana: "Mhandisi, hewa nusu asilimia tu ndiyo iniangushie mashine?" Hesabu ya haraka iko upande wake. Kondensa, chombo chenye mabomba ya maji baridi yanayogeuza mvuke uliotoka kwenye tabaini kuwa maji, ikifanya kazi kwa presha ya kilopaskali 10, mvuke mtupu hugeuka maji kwenye nyuzi 45.8 za Selsiasi. Tia hewa nusu asilimia, mvuke unabaki na kilopaskali 9.95, na joto hilo linashuka kama sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Nani ahangaike?

Ila hewa haikai imetawanyika sawasawa. Mvuke ukigusa ubaridi wa bomba unageuka maji, na mwingine unakimbilia pale pale huku ukiburuta hewa. Maji yanadondoka, hewa haina pa kwenda. Ni kama geti la uwanja wa mpira: wenye tiketi wanapita, wasio nazo wanaganda mlangoni, na kila kundi jipya lazima lipenye katikati yao.

Tuseme hewa iliyorundikana juu ya utando wa maji uliofunika bomba imefika asilimia 25. Mvuke pale una kilopaskali 7.5 tu, na kwa presha hiyo unageuka maji kwenye nyuzi 40.3. Bomba likiwa na nyuzi 35, tofauti inayosukuma joto kupita kwenye utando imeshuka kutoka 10.8 hadi 5.3. Nusu imekwenda! Mhandisi wa kemia Donald Othmer alipima jambo hili mwaka 1929 kwa mvuke uliotulia, na hewa nusu asilimia ikapunguza upitishaji wa joto kwa karibu nusu.

Mvuke unaokwenda kasi huifagia hewa hiyo, kwa hiyo mabomba ya mwanzo hayaumii sana. Balaa liko mwishoni, mvuke unapokuwa umekaribia kwisha na hewa yote iko palepale. Ndiyo maana bomba la kunyonyea hewa huwekwa upande wa baridi kabisa.

Kiwandani kwetu geji ilipanda hadi kilopaskali 12. Wengi walitaka tufungue tukasugue mabomba. Mimi nikaenda kwanza kupima maji yaliyokusanyika chini ya kondensa: nyuzi 44, ilhali mvuke mtupu kwa presha ile ungekuwa na 49.4. Kama tatizo lingekuwa uchafu peke yake, joto la maji lingepanda pamoja na presha. Maji yakiwa baridi kuliko geji inavyodai, sehemu ya presha hiyo si ya mvuke.

Tukapaka povu la kunyolea kwenye kila flanji na kila valvu, maana kondensa inavuta ndani na huwezi kusikia kitu kwa kelele za tabaini. Kwenye pakingi ya valvu moja ndogo povu likatoboka katikati, likazama taratibu kama maji kwenye sinki. Pakingi ilipobadilishwa, geji ilirudi 10 kabla zamu haijaisha. Mabomba hatukuyagusa.