Barua ya kuomba kuhamisha fedha za ruzuku: mita 75 ambazo hazikuwa kwenye bajeti

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisimamia fedha za miradi ya maji katika shirika dogo, na barua ninayoulizwa zaidi na wenzangu ni ile ya kumwomba mfadhili ridhaa ya kuhamisha fedha kutoka kifungu kimoja cha bajeti kwenda kingine. Nitaieleza kwa mfano wa mradi wetu wa visima vitatu vya shule, wenye bajeti ya shilingi milioni 160.

Tulikuwa tumekadiria kila kisima kuwa na kina cha mita 80, kwa shilingi 150,000 kwa mita, yaani shilingi 36,000,000 kwa mita 240. Katika mwezi wa sita wa mradi, ripoti ya upimaji wa maji ardhini ilionyesha kwamba kisima cha kwanza kingetosha kwa mita 80, lakini cha pili kingehitaji mita 120 na cha tatu 115. Hizo ni mita 75 za ziada, na gharama yake ni shilingi 11,250,000.

Kabla ya kuandika neno lolote nilifungua mkataba, kwa sababu swali la kwanza ni kama ridhaa inahitajika, na jibu hutegemea asilimia inayotajwa ni asilimia ya nini. Kwenye ruzuku za serikali ya Marekani, kipimo cha kawaida ni asilimia 10 ya bajeti yote, nacho huhesabiwa kwa kujumlisha uhamisho wote uliokwisha kufanyika. Kwenye mikataba mingi ya misaada ya nje ya Umoja wa Ulaya ni asilimia 25 ya kichwa cha bajeti kinachoguswa. Mkataba wetu ulisema asilimia 10 ya kifungu. Kwa kipimo cha bajeti yote tungekuwa na nafasi ya shilingi milioni 16 bila kumwomba mtu. Kwa kipimo cha kifungu cha uchimbaji nafasi yetu ilikuwa shilingi milioni 3.6 tu. Katika mradi wa zamani niliisoma sentensi ya namna hiyo kwa haraka, tukatumia fedha kwanza na kuomba baadaye. Mkaguzi aliyaita matumizi yale yasiyokubalika, na shirika likayarudisha kutoka mfuko wake lenyewe.

Swali la pili ni fedha zinatoka wapi, na hapa ndipo maombi mengi huanguka. Salio si akiba. Kifungu kinaweza kuwa na salio kwa sababu kazi imechelewa, na ukilihamisha utaikosa fedha hiyo kazi itakapofika. Kwa hiyo nilichukua tu kutoka kwenye kazi zilizokwisha. Mafunzo ya kamati za maji yalifanyika kwa siku tano kwenye ukumbi tuliopewa bure na halmashauri, na washiriki 40 walikuwa wakirudi makwao kila jioni. Malazi hayakulipwa (watu 40, usiku 5, shilingi 35,000, yaani 7,000,000) wala ukumbi (siku 5 kwa 400,000, yaani 2,000,000). Kilichobaki, shilingi 2,250,000, kilitoka kwenye siku 15 za kukodi gari ambazo hazikuhitajika tena, kwa kuwa ziara za mafunzo zilikuwa zimekamilika.

| Kifungu | Iliyoidhinishwa | Badiliko | Inayopendekezwa |
|---|---|---|---|
| Uchimbaji | 36,000,000 | +11,250,000 | 47,250,000 |
| Mafunzo | 28,000,000 | −9,000,000 | 19,000,000 |
| Kukodi gari | 12,000,000 | −2,250,000 | 9,750,000 |
| Vifungu vingine | 84,000,000 | 0 | 84,000,000 |
| Jumla | 160,000,000 | 0 | 160,000,000 |

Barua yenyewe haikuzidi ukurasa mmoja. Aya ya kwanza ilisema tunachoomba na kiasi chake, ya pili ikaeleza sababu, na ya tatu, ambayo wengi huisahau, ikasema hivi: “Idadi ya visima, shule na wanakamati waliofunzwa haibadiliki, na hatutasaini nyongeza ya mkataba wa uchimbaji kabla ya kupata ridhaa yenu kwa maandishi.” Tuliambatanisha ripoti ya upimaji, bei ya mchimbaji kwa mita, na matumizi halisi ya kila kifungu hadi mwisho wa mwezi uliotangulia.

Afisa wa mfadhili alirudi na swali moja, na lilikuwa swali zuri: kisima cha pili kikifika mita 120 bila maji, je, mtaomba tena? Tulijibu kwamba mchimbaji analipwa kwa mita aliyochimba, kwamba kazi itasimama kwenye mita 120, na kwamba mita yoyote zaidi ya hapo itahitaji barua nyingine. Ridhaa ilikuja ikiwa na sharti hilohilo ndani yake.