Kidonda cha kifundo cha mguu kwa mwenye selimundu

Hapa Tanga kidonda cha mguuni kisichopona watu hukiita donda ndugu, na wengine husema mgonjwa amekanyaga kitu kibaya. Kwa mwenye selimundu sababu iko kwenye damu yake mwenyewe.

Kidonda hiki hutokea karibu na fupa la kifundo, mara nyingi upande wa ndani, na huanza zaidi baada ya umri wa miaka 10. Ngozi ya hapo ni nyembamba, ina mafuta kidogo tu chini yake, na damu ya hapo hurudi moyoni kwa kupanda. Seli za selimundu ni ngumu, huziba vishipa vidogo. Tena hupasuka kabla ya wakati, na himoglobini inayomwagika hunyonya gesi ya oksidi ya naitriki ambayo kazi yake ni kuitanua mishipa. Mishipa ikibana, ngozi hukosa oksijeni. Ikishafika hapo, mkwaruzo tu au kuumwa na mbu kunatosha kuifungua.

Mpwa wangu, akiwa na miaka 17, alichomwa na ncha ya jani la mkonge huko Muheza. Kilianza kama kipele, kikawa shimo lenye kingo zilizoinuka, na maumivu yakawa yanamwamsha usiku. Tulikimwagia unga wa kapsuli. Ukaganda juu kama ukoko, usaha ukabaki chini.

Muuguzi aliuondoa ukoko kwa maji ya chumvi, akaniambia: "Shangazi, unga huu umekifunika tu. Kinachokinyima kupona ni uvimbe wa mguu."

Basi tiba ikawa hivi. Kijiko cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Ndiyo ya kuoshea, bila spiriti. Gozi yenye unyevu juu ya kidonda, kisha bandeji ya mpira kuanzia chini ya vidole hadi chini ya goti, ikifungwa asubuhi kabla hajashuka kitandani. Vidole vikipoa au kufa ganzi, ilegezwe mara moja. Akikaa, mguu uwe juu ya mto. Dawa za kuua bakteria hutolewa pale wekundu unapoenea pembeni au homa ikipanda. Maumivu yakiingia ndani sana, hupigwa eksirei kuangalia kama mfupa umeambukizwa.

Kila wiki tulichora mzingo wa kidonda kwenye karatasi ya plastiki. Wiki ya kwanza na ya pili michoro ililingana, nikakata tamaa. Ya tano ikapungua. Kilifunga mwezi wa saba tangu tuanze tiba. Vidonda hivi hurudi mara nyingi, hata vilivyopandikizwa ngozi, kwa hiyo mpaka leo anavaa soksi ndefu, na kila jioni analipapasa kovu lake kuona kama kuna pahali pamelainika.