Bilioni ya Kijerumani ya Mwaka 1923 Ina Sifuri Ngapi?

Katika maandishi ya Kijerumani kuhusu mfumuko wa bei wa mwaka 1923, utasoma kwamba mwezi Novemba dola moja ya Marekani ilifikia maki bilioni 4.2. Mfasiri akiinakili namba hiyo ilivyo kwa Kiswahili, atakuwa ameipunguza mara 1,000.

Bilioni ya Kiswahili ni ya mfumo mfupi, ambamo kila jina baada ya milioni huzidi lililotangulia mara 1,000, hivyo bilioni ina sifuri 9 na trilioni sifuri 12. Katika mfumo mrefu, ambao Wajerumani, Wafaransa na Wahispania wanaufuata, bilioni ni milioni mara milioni, yaani sifuri 12. Sifuri 9 Wajerumani huziita miliadi, na Wahispania kwa kawaida husema milioni elfu moja. Kwa hiyo bilioni yetu ni miliadi yao, na bilioni yao ni trilioni yetu.

Mimi hupendelea kuandika tarakimu zote kwanza, kisha ndipo nichague jina, kwa sababu kiasi hakibadiliki hata jina likibadilika. Bilioni 4.2 ya Kijerumani ni 4,200,000,000,000, nasi tunaisoma trilioni 4.2. Kiwango hiki kinaweza kuhakikiwa: Rentenmaki, sarafu mpya iliyoanzishwa mwezi huohuo, ilikuwa sawa na maki trilioni moja za karatasi, kwa hesabu yetu, na dola ikawa na thamani ya Rentenmaki 4.2, karibu sawa na maki zilizohitajika kabla ya vita vya 1914. Ukigawanya kiwango cha dola kwa kile cha Rentenmaki ukapata 4,200 au 0.0042, basi umechanganya mifumo miwili, jambo linalotokea hasa kiwango kimoja kinapotoka katika kitabu cha Kijerumani na kingine katika cha Kimarekani. Hata hivyo, ukikosea viwango vyote viwili kwa namna ileile, mgawanyo utatoa 4.2 vilevile na kosa litajificha. Ndiyo maana ni lazima utafute katika maandishi yenyewe jedwali lenye tarakimu kamili.

Vitabu vya Kiingereza vinahitaji uangalifu zaidi. Wamarekani walikuwa tayari wakitumia mfumo mfupi, lakini Uingereza, ambako mfumo mrefu ulikuwa wa kawaida, serikali ilitangaza mwaka 1974, kupitia Waziri Mkuu Harold Wilson, kwamba bilioni katika takwimu zake ni ile ya sifuri 9. Kwa hiyo kitabu cha Uingereza cha miaka ya 1930 kinaweza kuandika bilioni 4.2 na cha Kimarekani trilioni 4.2, na vyote vikawa sahihi. Mwaka wa kuchapishwa peke yake hautoshi kuamua, kwa kuwa baadhi ya waandishi wa Uingereza walihamia mfumo mfupi mapema.

Wala kuona miliadi hakuthibitishi kwamba mfumo ni mrefu. Kirusi na Kituruki hutumia miliadi kwa sifuri 9, lakini hatua inayofuata, ya sifuri 12, huiita trilioni, kama tunavyoiita sisi.