Bei moja au kulipa kwa siku na vifaa? Amua kabla tenda haijatoka

Kila mwaka kuanzia mwezi wa nne hivi sisi wa ofisi ya ununuzi tunaona kitu kilekile: mkuu wa kituo anakuja mbio, kuna pesa ya ukarabati imebaki, na mwaka wa fedha wa Uganda unaisha tarehe 30 Juni, pesa ya serikali isiyotumika hadi hapo inarudi hazina. Kwa hiyo anataka tenda itoke wiki hii, bei moja, kontrakta amalize, alipwe, tuendelee. Hapo ndipo hasara nyingi zinaanzia na wala si lazima awe mwizi mtu yeyote.

Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Kituo cha afya cha vyumba 11, jengo la zamani, waya za umeme zimezeeka, soketi zinapata moto, friji ya chanjo inakatika katika. Kazi ni kubadilisha waya. Hakuna aliyefungua ukuta, ramani ya waya haipo, lakini tenda inasema "kukarabati mfumo wa umeme wa jengo lote". Makontrakta watatu wanaleta bei, tuseme shilingi milioni 14, milioni 19 na milioni 33.

Wengi wakiona hivyo wanafurahi, wanachukua 14 wanasema tumeokoa pesa. Mimi nikiona bei zimetengana hivyo naogopa, kwa sababu waya ni zilezile kwa wote na fundi analipwa karibu sawa kwa wote, sasa hiyo tofauti ya milioni 19 kati ya wa chini na wa juu imetoka wapi? Imetoka kwa kukisia. Wa 33 amekisia mabaya yote akayawekea pesa, wa 14 amekisia kila kitu kiko sawa, au amejua hakiko sawa na anapanga kuja kuomba nyongeza akishaingia ndani. Bei zikipishana sana kwa kazi moja, maana yake kazi haijaelezwa ikaeleweka.

Kwenye mkataba wa bei moja, faida ya kontrakta ni kile kinachobaki baada ya gharama. Akitumia milioni 11 kwa kazi ya 14, tatu ni zake. Gharama ikipanda, hasara ni yake, na ndiyo maana wanunuzi wanaupenda huu mkataba. Ila angalia upande wa pili: kila anachopunguza kinaingia mfukoni kwake, kwa hiyo ukuta ukishafunguliwa na kazi ikaonekana ni ya milioni 18, yule wa 14 ana njia tatu tu. Aombe nyongeza, apunguze ubora, au aache kazi apotee. Kupunguza ubora kwenye umeme hukuoni kwa macho, unaona soketi mpya nyeupe zinang'aa na nyuma yake kuna waya wa milimita za mraba 1.5 ambao ni wa taa, pahali soketi zilitakiwa 2.5, na nondo ya kushusha umeme ardhini haikupigwa kabisa. Na akipotea, simu imezimwa, kituo hakina umeme, wewe ndiye unaanza upya. Kwenye karatasi hatari ilikuwa yake lakini mtu asiye na mtaji wa kuibeba hakuibeba, imekurudia wewe ikiwa imekua.

Mkataba wa kulipa kwa siku na vifaa unageuza hayo yote. Fundi analipwa kila siku aliyofanya kazi, tuseme 80,000, msaidizi wake 40,000, vifaa kwa risiti pamoja na asilimia kidogo mliyokubaliana ya kuvinunua na kuvisafirisha. Hapa hana sababu ya kuficha waya mbovu, akiukuta anakuambia kwa sababu kuubadilisha analipwa. Lakini pia hana sababu ya kuharakisha, kazi ya siku kumi ikienda siku kumi na sita yeye amepata zaidi, na hiyo hatari yote ni ya kwako. Ndiyo maana mkataba huu bila kikomo cha pesa usiusaini. Kikomo ni kiasi ambacho akikipita bila ruhusa ya maandishi anajilipia mwenyewe, na andika kabisa kwamba ikitumika asilimia 75 lazima atoe taarifa: nini kimefanyika, nini kimebaki, kitatosha au hakitatosha.

Tena unahitaji mtu wako hapo kwa site, kila jioni anasaini karatasi ya siku: nani alikuja, saa ngapi, chumba gani, mita ngapi za waya. Wikiendi ukiona siku za mafundi zinaongezeka na risiti za vifaa hazisogei, kazi imesimama hata kama watu wapo. Kama huna mtu wa kukaa hapo, huu mkataba haukufai, heri bei moja.

Sasa kwa kituo chetu jibu ni lipi? Kosa ni kudhani lazima uchague moja kwa kazi nzima. Anza na ukaguzi peke yake, kwa siku na vifaa, siku tatu, kikomo milioni 1. Chukua fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme Uganda, afungue masanduku yote, apime, atoboe ukuta pale panapotia shaka, aandike chumba kwa chumba. Tuseme anakuta vyumba 7 bomba za ndani ya ukuta ni nzima, unavuta waya mpya tu, vyumba 4 ukuta lazima ukatwe, nondo ya ardhini haipo, na juu ya silingi hapaonekani mpaka ifunguliwe. Sasa unajua. Ripoti hiyo wape waombaji wote, na aliyefanya ukaguzi asiombe tenda kwa sababu ameona ambayo wengine hawajaona.

Tangaza tena, bei moja kwa vyumba vyote na nondo, waya uandikwe kwa saizi na mita, halafu sehemu ya juu ya silingi peke yake iwe siku na vifaa na kikomo cha milioni 2. Bei zikirudi, ziwe labda 17.5, 18.2 na 19, zimekaribiana, maana sasa wote wanapigia hesabu kazi moja. Ukichukua ya 18.2, ukajumlisha ukaguzi na kikomo cha silingi, hutapita milioni 21.2. Ni zaidi ya 14 ndiyo, lakini ile 14 haikuwa bei ya kazi hii.

Hii yote inataka muda na muda unatoka kwenye mpango wa ununuzi. Sheria ya PPDA ya 2003, yaani sheria ya ununuzi wa umma Uganda, inataka taasisi ya umma ipange ununuzi wake wa mwaka, basi weka ukaguzi robo ya kwanza, Julai hadi Septemba, na ukarabati robo ya pili. Iandike mistari miwili iliyo wazi, ukieleza kwa nini ukaguzi unatangulia, kwa sababu sheria hiyohiyo inakataza kukatakata kazi ili kukwepa ushindani, na mkaguzi wa hesabu akikuta vipande viwili vya jengo moja bila maelezo atauliza. Thamani unayotumia kuchagua njia ya kutoa tenda iwe ya kazi nzima, isiwe ya kila kipande.